Mabati Kumi Yaliyopotea Ndani ya Kibubu

Mweka hazina wenu ndiye aliyeniita. Alinisikia nikisimulia jambo hili tulipokuwa tunachambua maharage nyumbani kwa dada yake, akasema njoo uwaambie wanakikundi wenzangu kabla hawajapitisha lile azimio lao.

Nimeelezwa kwamba mmesimamisha mikopo tangu mwenzenu mmoja alipohama kijiji na deni. Fedha za hisa mnataka zikae ndani ya sanduku, kufuli tatu, watunza funguo watatu, mpaka zifike bei ya mashine ya kusaga. Mashine siipingi. Wanawake wa huku mnabeba debe kichwani mpaka kijiji cha pili, nami nimebeba sana. Nimekuja kuwaeleza yaliyonipata mimi mwenyewe nilipoweka fedha zisubiri.

Mwaka 2010 tulikuwa tumemaliza kuta za nyumba yetu kwa matofali ya kuchoma. Fundi alipima paa akasema mabati arobaini, geji thelathini, ishirini kila upande. Nilikwenda Makambako kuuliza bei, nikaambiwa bati moja shilingi 12,000. Tangu siku ile nilikuwa na hesabu moja kichwani: laki nne na themanini elfu. Seremala alinitengenezea kibubu cha mbao, kikapigwa misumari pande zote, kikabaki na tundu la kupitishia noti tu. Kila nilipouza maharage, kila nilipouza kuku, nilitumbukiza. Oktoba mwaka ule ule hesabu ilitimia.

Mtaniuliza kwa nini sikununua siku ile. Mbao za kupaulia zilikuwa hazijapatikana, na baba watoto aliona tukinunua mabati mapema yatapata kutu au yataibwa. Aliniambia, "Mama, fedha haiozi. Iache humo." Nami niliona ni neno la busara. Mtoto akaingia sekondari, tukahangaika na ada, tukauza mbuzi, lakini kibubu hatukukigusa. Nilijisifu kwa hilo. Nilikuwa nikikisogeza chini ya kitanda usiku nasikia uzito wake, nasema moyoni, paa langu limo humu.

Mbao zilipatikana mwisho wa mwaka 2012. Desemba tukavunja kibubu kwa nyundo, tukamwaga noti kwenye mkeka, tukahesabu mara mbili. Laki nne na themanini elfu, haikupungua hata noti moja. Asubuhi tukapanda gari kwenda Makambako. Mwenye duka akatuambia bati moja 16,000.

Baba watoto alikasirika sana. Alidhani tunaonewa kwa kuwa tumetoka kijijini. Tukazunguka maduka mengine mawili, bei ilikuwa ile ile. Tuliporudi, yule mwenye duka akatukalisha kwenye viti, akatoa daftari lake la kununulia mzigo. Akatuonyesha ukurasa wa 2010 na ukurasa wa mwezi ule. Akasema maneno ambayo sijayasahau: "Mama, hata kama nina bati la zamani humu ndani, nikikuuzia kwa bei ya zamani, fedha utakayonipa haitanirudishia bati jingine. Nitafunga duka." Hapo ndipo nilipoelewa. Yeye alihesabu mali yake kwa mabati. Mimi nilihesabu yangu kwa noti, na noti haikuniambia kwamba mabati yanaondoka.

Tulirudi na mabati thelathini. Upande mmoja wa paa ukaisha, upande wa pili tukaezeka nusu, penye pengo tukatandika turubai na nyasi. Mvua za mwaka ule zilitukuta hivyo. Nilikuwa nalala nasikia maji yanadondoka kwenye sufuria, na nilijua kila tone lilikuwa linadondoka palipokosa mabati yangu kumi.

Kwa muda mrefu nilijiuliza nani aliyeyala yale mabati. Mwizi hakuingia. Hatukutumia. Fedha yote ilikuwepo. Jibu nililipata polepole, nalo ndilo nililokuja nalo leo. Noti ina namba iliyoandikwa juu yake, na namba hiyo haibadiliki. Lakini hakuna anayekula namba wala anayeezeka namba. Tunachokitaka ni kile ambacho noti inaweza kutuletea nyumbani, na hicho hakijaandikwa popote kwenye karatasi. Kinaandikwa upya sokoni kila siku. Bei zikipanda, noti iliyolala inapungua ikiwa imelala.

Tazameni hesabu yangu. Bei ilipanda kutoka elfu kumi na mbili hadi kumi na sita, yaani iliongezeka theluthi. Mabati yangu yakapungua kutoka arobaini hadi thelathini, yaani robo ya mali yangu ilikwenda. Mtu akikwambia bei zimepanda sana, jiulize swali hili la pili: kwa hiyo fedha yangu sasa inanunua kiasi gani cha kile ilichokuwa inanunua?

Baadaye nilikuja kujua kwamba sikuwa peke yangu, wala haikuwa hila ya wafanyabiashara wa Makambako. Ofisi ya Taifa ya Takwimu kila mwezi hupima bei za vitu vingi ambavyo watu hununua, chakula, nauli, mafuta, nguo, kisha hulinganisha na mwezi kama huo mwaka uliotangulia. Hicho ndicho redio inachokiita mfumuko wa bei. Desemba 2011 mfumuko ulifika asilimia 19.8. Maana yake ni kwamba kapu la vitu lililogharimu laki moja Desemba 2010, mwaka mmoja baadaye liligharimu laki moja na karibu elfu ishirini. Mwaka ule chakula kilipanda, mafuta ya magari yalipanda, umeme ulikuwa wa mgao. Kibubu changu kilikuwa chini ya kitanda katikati ya yote hayo, nami nikidhani kimejificha.

Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu jambo hili huchanganywa. Si kila bei inayopanda ni mfumuko. Mahindi yetu huwa na bei ndogo wakati wa mavuno, kisha Januari na Februari debe linakuwa ghali, halafu mavuno mapya yakiingia bei inashuka tena. Hiyo ni kupanda na kushuka kwa msimu. Mfumuko ni pale ambapo msimu unazunguka, mavuno yanarudi, na bei ya mavuno ya mwaka huu bado iko juu ya bei ya mavuno ya mwaka jana, na sukari vivyo hivyo, na sabuni, na nauli, na ujira wa fundi. Ndiyo maana ukitaka kujua, linganisha Julai na Julai, Februari na Februari. Ukilinganisha Julai na Februari utajidanganya.

Sasa turudi kwenye mashine yenu. Mwenyekiti amenieleza kwamba bei mliyopewa ni milioni nne, na mnaweza kutenga milioni moja kila mwaka. Kila mtu hapa ameshapiga hesabu: miaka minne. Jana usiku nilikaa na binti yangu na daftari, tukaipiga hesabu hiyo huku bei nayo inatembea.

Tulianza na bei inayopanda asilimia tatu kwa mwaka, ambayo ni kama hali ilivyokuwa nchini mwaka 2024. Mwisho wa mwaka wa nne mnazo milioni nne, lakini mashine imefika milioni nne na nusu. Mnangoja mwaka wa tano, mnaipata na chenji inabaki. Mmepoteza mwaka mmoja. Hiyo inavumilika.

Tukaweka asilimia tano. Mwaka wa tano mnazo milioni tano kamili, mashine ni milioni tano na laki moja na kidogo. Mnaikosa kwa laki moja. Nikakumbuka mabati yangu. Mnaipata mwaka wa sita.

Kisha tukaweka asilimia kumi, ambayo si ya kutunga, kwa sababu nimewaambia tuliona karibu ishirini. Mwaka wa nne mashine ni milioni tano na laki tisa, mnazo nne. Mwaka wa sita ni milioni saba na kidogo, mnazo sita. Mwaka wa tisa mnazo milioni tisa, nayo ni milioni tisa na laki nne. Mnazidi kuikaribia. Binti yangu akasema, mama, mwaka wa kumi wataishika. Tukapiga: mnazo kumi, nayo ni milioni kumi na karibu laki nne. Hapo ndipo mnapoikaribia kuliko wakati mwingine wowote. Mwaka wa kumi na moja inawaacha zaidi, na wa kumi na mbili zaidi tena. Mkishikilia mchango ule ule na fedha ikilala sandukuni, kwa mwendo huo hamtainunua mashine ile maisha yenu yote. Tulirudia hesabu ile mara tatu, kwa sababu mimi mwenyewe sikuamini.

Najua mtu atasema, basi tuongeze mchango kila mwaka. Ni sawa, mkiweza. Mazao nayo yakipanda bei mtaweza kuweka zaidi. Lakini ile fedha iliyowekwa mwaka wa kwanza, ambayo mmoja wenu aliitoa kwa kujinyima sukari, itakuwa imeliwa kwa miaka yote hiyo, na nyongeza yenu itakuwa kazi ya kuziba pengo lake.

Kikundi chetu sisi kilianza mwaka 2013, na mimi niliingia na uchungu wa mabati. Fedha yetu hailali. Wanaonunua hisa wananunua, na siku ile ile tunahesabu, tunatoa mikopo kwa wenye shughuli, tunarudisha sandukuni kile kidogo kilichobaki. Riba ni asilimia tano kwa mwezi, mkopo wa miezi mitatu. Aliyekopa laki mbili akanunua mbegu ya viazi au mzigo wa kuuza, anarudisha laki mbili na elfu thelathini, na hizo elfu thelathini ni zetu sote, hata yeye, tunagawana mwisho wa mzunguko kwa hisa. Hapo mfumuko unapokuja kula, unakuta fedha imekuwa mbegu ya viazi iliyoko ardhini, imekuwa dagaa waliopanda bei pamoja na vitu vingine.

Lakini sitawaficha upande wa pili, kwa sababu mmeumia. Fikirieni sandukuni mna milioni tatu. Bei zikipanda asilimia tatu, kulala mwaka mzima kunawagharimu kama elfu tisini. Mkopo mmoja wa laki tatu ukipotea na mtu, mmepoteza zaidi ya kile ambacho mfumuko huo ungekula kwa miaka mitatu. Kwa hiyo bei zikiwa zinatembea polepole, mkopo mbaya ni adui mkubwa kuliko mfumuko. Bei zikikimbia kama zile za 2011, mambo yanageuka, na sanduku lenyewe ndilo linaloiba. Ninyi mmeufunga mlango wote kwa sababu ya mtu mmoja. Nadhani ingefaa kuuliza alipewaje. Nilipomuuliza mweka hazina aliniambia ukweli: hisa zake zilikuwa laki moja, akakopeshwa laki saba kwa sababu ni mtu wa maneno mazuri. Sisi hakuna anayekopa zaidi ya mara tatu ya hisa zake, na wadhamini wake wawili hisa zao zinashikwa mpaka amalize. Tumekwishacheleweshewa, faini tumetoza, lakini hatujakimbiwa.

Wala sisemi fedha isibaki kabisa. Mfuko wa jamii uacheni ulale. Mtoto akiugua usiku hamwezi kwenda kwa dereva wa bodaboda na gunia la viazi. Fedha ya dharura ina kazi yake, na kile kidogo kinacholiwa na bei ni gharama ya kuwa nayo karibu. Ninayoisema ni ile inayongoja miaka.

Wengine watasema afadhali kununua vitu tuweke. Nami nilifanya hivyo kwa yale mabati kumi yaliyobaki. Sikujaza kibubu tena. Kila nilipouza maharage nilinunua mawili au matatu siku hiyo hiyo, nikayasimamisha ukutani ndani, juu ya mbao, pakavu, kwa maana yakilaliana na unyevu yanatoa madoa meupe kisha yanaoza. Paa liliisha kwa mwaka na miezi michache. Lakini bati ni bati. Simenti mkiinunua leo ya kujengea banda la mashine mwakani mtakuta imeganda ndani ya mfuko. Mahindi yanataka kukaushwa sawasawa na mifuko isiyopitisha hewa, la sivyo dumuzi atakula kuliko mfumuko wowote, na mkiyanunua Januari bei ikiwa juu, mavuno yatawatia hasara. Kitu cha kuweka ni kile kisichoharibika, ambacho mnakihitaji wenyewe, na mnachokinunua msimu wa bei yake ndogo. Kwa mashine, kama muuzaji ni wa kuaminika na ana risiti na mkataba, ulizeni kama atapokea malipo kwa awamu na bei ikafungwa kwenye maandishi. Na kama hampati wa namna hiyo, msimpe fedha mtu kwa mdomo.

Nina jambo moja jingine. Mama mkwe wangu alifariki miaka michache iliyopita. Tulipofungua sanduku lake la nguo tulikuta khanga imefungwa fundo, na ndani yake noti thelathini za elfu moja za zamani. Mashemeji wakakumbuka. Miaka ya tisini mwanzoni aliuza fahali, akasema fedha hizi ni za kumsomesha mjukuu wa kwanza. Mjukuu alizaliwa, akasoma, akamaliza, yule mama hakuzitoa, aliona bado hazijatosha. Benki Kuu ilipotangaza kwamba noti za toleo la mwaka 1985 hadi 2003 zibadilishwe kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, 2025, na kwamba baada ya hapo hazitakuwa fedha tena, tulizipeleka mjini. Walitubadilishia shilingi kwa shilingi, elfu thelathini kamili, bila kupungua. Tulipopita sokoni tulinunua jogoo mmoja wa kienyeji na kilo moja ya sukari, fedha ikaisha. Baba watoto alimshika yule jogoo njia nzima hakusema neno. Yeye ndiye aliyewahi kumchunga yule fahali.

Kwa hiyo ombi langu kwa leo ni dogo, na haliwataki mrudishe mikopo asubuhi hii. Sisi kila siku ya kwanza ya mzunguko tunaandika bei za vitu sita kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari: debe la mahindi, kilo ya sukari, bati, mfuko wa simenti, mfuko wa mbolea, na lita ya mafuta ya kupikia. Tunazijumlisha. Mwaka ukizunguka, siku ya kugawana, kabla hatujagusa fedha, tunaandika bei za siku hiyo kando yake. Mwaka mmoja jumla ilipanda kwa sehemu moja ya kumi, na hisa ya elfu moja ilirudi na elfu moja na mia moja. Watu walitaka kushangilia faida ya shilingi mia. Mwenyekiti wetu akasoma ukurasa ule kwa sauti, wakakaa kimya, kwa sababu tuliona kwamba hatukupata kitu, tulisimama tulipokuwa. Mwaka uliofuata tulikazana na mikopo.

Mweka hazina, naomba ukurasa mweupe na kalamu. Ninyi mliotoka sokoni asubuhi hii nitajieni. Tuanze na debe la mahindi: leo ni shilingi ngapi?